Video Inayofundisha Mikono Kufunga Gunia

Katika wilaya ya Gurúè, jimbo la Zambezia nchini Msumbiji, wakulima wa maharage waliwahi kuonyeshwa katuni fupi kwenye simu ya mkononi. Ilikuwa ya dakika chache tu, ikisimuliwa kwa lugha yao. Ndani yake mkulima anakausha maharage, anayamimina kwenye dumu safi na kavu mpaka linajaa, kisha anakaza kizibo ili hewa isiingie. Hakuna dawa ya unga inayochanganywa humo, wala kifaa cha kuagiza kutoka mjini. Watafiti walirudi baada ya miaka miwili kuuliza nani aliyefanya alichokiona. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2020, yanasema asilimia 89 walikuwa wameitumia njia hiyo.

Mtu yeyote aliyewahi kufundisha wakulima anajua kwamba hiyo ni idadi kubwa ajabu. Semina nyingi za ghala huisha kwa makofi na soda, na msimu ukifika gunia hufungwa vilevile lilivyofungwa mwaka uliopita. Katuni ile ilitengenezwa na SAWBO, mpango ulioanzia Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani mwaka 2011, ambao hutoa katuni za mafunzo bure na kuzitia sauti katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Nguvu yake Gurúè ilitokana na mambo mawili. Dumu ni chombo ambacho familia nyingi tayari zinacho, au zinaweza kukipata kwa bei ndogo. Na somo zima lilikuwa matendo machache ambayo jicho linaweza kuyashika na mkono ukayarudia.

Kwa mahindi kazi ni ngumu zaidi. Mahindi ni mengi, dumu halitoshi, na chombo kinachopendekezwa siku hizi ni mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na gunia la kawaida la kusuka nje. Wengi wanaujua kwa jina la PICS, ingawa sasa zipo aina kadhaa zinazofanya kazi kwa kanuni ileile. Mfuko huu unagharimu mara kadhaa ya bei ya kiroba cha kawaida. Mkulima akiununua na kuufunga vibaya, atapoteza mahindi na fedha ya mfuko kwa mpigo mmoja, na mwaka ujao atawaambia majirani kwamba ni utapeli. Ndiyo maana video ya mafunzo kuhusu mfuko huu inastahili kutengenezwa kwa uangalifu kuliko tangazo lolote la biashara.

Video nzuri huanza na adui, na kwa Tanzania na Kenya adui huyo anafahamika. Ni dumuzi, mdudu mweusi mdogo aliyetoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wa Kenya walimpachika jina la Osama. Fukusi wa zamani alikuwa mharibifu wa kawaida, aliyezoeleka. Dumuzi anatoboa punje na kuigeuza unga, na vipimo vilivyofanyika Tanzania katika miaka yake ya mwanzo vilionyesha kwamba mahindi yaliyohifadhiwa kwa miezi michache yaliweza kupungua uzito kwa takriban theluthi. Kamera haihitaji maneno mengi hapa. Ikisogezwa karibu na kiganja kilichoshika mahindi ya aina hiyo, vumbi jeupe linalodondoka katikati ya vidole linatosha.

Baada ya hapo video inapaswa kueleza jambo ambalo hakuna bwana shamba anayeweza kulionyesha kwa macho, yaani kinachotokea ndani ya mfuko uliofungwa. Hapa katuni inaizidi kamera. Mifuko ya tabaka tatu ilibuniwa kwa ajili ya kunde, nchini Kamerun, mwishoni mwa miaka ya 1980, na timu iliyoongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Mwaka 2012 Murdock na wenzake walieleza jambo la kushangaza zaidi: wadudu wale hufa kwa kiu.

Maelezo yake ni rahisi kufuatwa. Mdudu wa ghala anaishi ndani ya nafaka kavu ambamo hakuna tone la maji ya kunywa. Maji yake anayatengeneza mwenyewe mwilini, kwa kuunguza chakula akitumia oksijeni. Mfuko ukifungwa bila kuacha upenyo, wadudu waliomo, pamoja na nafaka yenyewe inayopumua taratibu, wanaimaliza oksijeni siku baada ya siku. Oksijeni ikipungua sana, mdudu anaacha kula na kuzaa, maji hayatengenezwi tena, naye anakauka. Wadudu ndio wanaomaliza hewa inayowaweka hai. Mtazamaji akishaliona hilo katika mchoro, mdudu mmojammoja akizidi kusinyaa kadiri hewa inavyopungua, masharti yote yanayofuata yanakuwa na maana. Tundu dogo kama la sindano linarudisha oksijeni. Kufungua kila siku kunairudisha pia.

Sasa video inaweza kuingia kwenye ujumbe wake. Ukiwa mwingi hakuna utakaokumbukwa, na watengenezaji wengi huharibu kazi kwa kutaka kusema kila kitu kilichoandikwa katika kitabu cha mwongozo. Kwa mfuko wa mahindi ujumbe wa lazima ni mitatu: kausha mpaka chumvi isinate, funga hewa isipite, usifungue kabla ya wakati. Kila mmoja unatamkwa baada ya kitendo chake kuonyeshwa, kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile, na kurudiwa sehemu nyingine ya video bila kubadilishwa hata neno. Mwandishi aliyezoea kukwepa marudio hapendi jambo hili. Lakini anayetazama video uani, mtoto mgongoni na jirani akizungumza pembeni, ataukosa ujumbe mara ya kwanza na kuupata mara ya tatu. Ukibadilishwa maneno, atadhani ni jambo jingine.

Ujumbe wa kwanza unastahili dakika nyingi kuliko mingine yote, kwa sababu mfuko usiopitisha hewa haupitishi unyevu pia. Mahindi mabichi yakifungiwa humo hayatakauka. Yatafukuta na kuota ukungu, na mwenyewe hatajua mpaka siku ya kufungua. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake. Kipimo cha umeme cha unyevu kipo kwa wanunuzi wakubwa, lakini si cha kila kaya. Mkulima wa kawaida huuma punje na kusikiliza mlio, njia ambayo mzee mwenye uzoefu anaweza kuitegemea na kijana akadanganyika nayo.

Njia ya chumvi inapimika, na inapendeza kwenye skrini. Mwonyeshaji anachukua chupa ya kioo yenye kizibo, safi na iliyokauka kabisa, kwa mfano ya soda. Anatia mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, kisha vijiko vikubwa viwili au vitatu vya chumvi ya mezani. Anafunga na kuitikisa kwa nguvu dakika moja nzima, kisha anaiacha kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikidondoka chini yote na kioo kikabaki kweupe, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi.

Sababu yake inavutia. Chumvi huanza kunyonya maji pale hewa inayoizunguka inapofikia unyevunyevu wa takriban asilimia 75, na mahindi yenye unyevu wa kama asilimia 15 huifikisha hewa ya ndani ya chupa katika kiwango hichohicho. Basi chumvi inauona mpaka huo na kuutangaza.

Hapo hapo lakini ndipo penye mtego, na video nyingi hupita juu yake. Asilimia 15 siyo 13.5. Chupa inaposema ndiyo, mahindi yamevuka mpaka wa hatari tu, hayajafika pazuri. Video ya uangalifu humwonyesha mkulima akifurahia chumvi isiyonata, kisha akiyarudisha mahindi kwenye turubai yapate jua la siku nyingine au mbili. Huonyesha pia makosa mawili yanayoharibu kipimo. La kwanza ni chumvi ambayo tayari ina unyevu, iliyokaa wazi jikoni, ambayo itanata hata mahindi yakiwa makavu. Inafaa ikaushwe kwanza juani au kwenye kikaango. La pili ni kuchota mahindi ya juu peke yake, yaliyopigwa na jua, na kuyaacha ya chini. Sampuli ichukuliwe kila upande wa turubai na kuchanganywa.

Upande wa fedha nao unahitaji kusemwa waziwazi, maana humzuia mtu hata kama ameelewa yote. Kukausha kunapunguza kilo. Chukua kilo 100 za mahindi yaliyopukuchuliwa yakiwa na unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 82 za nafaka kavu na kilo 18 za maji. Yakikaushwa hadi asilimia 13, kilo zile 82 zinabaki palepale, lakini jumla inashuka hadi kilo 94 na kidogo. Karibu kilo sita zimeondoka na jua. Mkulima anayeuza kwa mizani wiki hiyo hiyo ana haki ya kulalamika, na video ikimficha atagundua mwenyewe na kuacha kuiamini. Ajibiwe kwa ukweli: kilichoondoka ni maji, na anayetarajia kuuza au kula baada ya miezi mitano atapoteza zaidi ya kilo sita akiyaacha humo.

Kukausha kuna uzito mwingine ambao hauna uhusiano na wadudu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipata vifo vya namna hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii hutengenezwa na kuvu, na kuvu anahitaji unyevu. Mfuko uliofungwa vizuri juu ya nafaka kavu humzuia kuvu asiendelee. Sumu iliyokwisha kuingia, iwe shambani au kwenye mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo, mfuko hauiondoi, kuchemsha hakuimalizi, na macho hayaioni. Kwa hiyo katika video mahindi yasionekane hata mara moja yakigusa ardhi. Yawe juu ya turubai au kichanja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtazamaji hujifunza hata yale ambayo msimulizi hakuyataja, na picha moja ya mahindi chini ya mti, juu ya vumbi, hubatilisha maneno yote.

Ujumbe wa pili ni wa mikono mitupu. Kabla ya kutia chochote, mifuko miwili ya ndani hukaguliwa mmojammoja: unafunguliwa, unapungwa ushike hewa, mdomo unasokotwa, kisha unabanwa kama puto huku mtu akisikiliza na kuhisi kwa shavu kama pana mahali panapovuja. Mfuko wa kwanza unaingizwa ndani ya wa pili, na yote miwili ndani ya gunia la nje. Mahindi yanamiminwa kwa awamu. Kila baada ya awamu, mwonyeshaji anakandamiza kwa viganja na kutikisa gunia, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ya punje ni akiba ya wadudu. Magunzi, vijiti na mawe yawe yameondolewa mapema, yasije yakatoboa plastiki.

Kisha inakuja sehemu ambayo kamera inatakiwa kukaa kimya na kukaribia. Juu ya mahindi pameachwa plastiki ya kutosha kusokotwa, urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo au zaidi kidogo. Viganja vinateremka kuanzia juu vikitoa hewa, mdomo wa mfuko wa ndani kabisa unasokotwa mpaka unakuwa mgumu, unafungwa kwa kamba chini karibu na nafaka. Halafu unakunjwa na kufungwa tena juu ya mkunjo huo. Mfuko wa pili unafanyiwa hivyo hivyo, peke yake. Mwisho gunia la nje. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuikusanya midomo yote mitatu na kuifunga kwa kamba moja, kama alivyozoea mtu kufunga kiroba. Mtu aliyefanya hivyo ataapa kwamba ameufunga. Inafaa kosa hilo lionyeshwe wazi, mfungaji akikandamiza gunia na hewa ikisikika ikitoka, kisha afungue na kufunga upya ipasavyo.

Jambo la kuonyesha makosa linabishaniwa na baadhi ya waelimishaji, wakihofia kwamba mtazamaji atakumbuka kosa na kusahau lililo sahihi. Hofu hiyo ina msingi endapo kosa linaonyeshwa mwishoni, au bila matokeo yake. Likionyeshwa katikati, likafuatiwa papo hapo na hewa inayovuja na marekebisho, mkulima anapata kitu asichokipata kwa maelezo: uwezo wa kujipima akiwa peke yake ghalani.

Ujumbe wa tatu ndio mgumu kuigiza, kwa sababu ni wa kutofanya kitu. Gunia limefungwa, limewekwa juu ya chaga mbali na ukuta, na mwenye nyumba anataka kuhakikisha. Anafungua baada ya siku tano, anaona wadudu wachache bado wanatembea, anakata tamaa, anatia dawa ya unga. Wadudu wakubwa wanaweza kuwa wamedhoofika wakati huo, lakini mayai na viwavi waliomo ndani ya punje wanahitaji kukaa katika hali hiyo kwa wiki kadhaa. Kufungua mapema kunawapa pumzi mpya. Video inaweza kuzibana wiki hizo katika nukta chache, kalenda ikipinduliwa ukurasa baada ya ukurasa kando ya gunia lililotulia. Msimulizi anarudia sentensi yake ya tatu, kisha anatoa ushauri unaomtoa mtu kwenye kishawishi: mahindi ya kula miezi ya kwanza yawekwe pembeni kwenye chombo kingine, na tarehe ya kufunga iandikwe juu ya gunia kwa kalamu ya wino mzito.

Yapo mambo ambayo video, iwe nzuri namna gani, haiyawezi. Haimpi mkulima turubai. Haishushi bei ya mfuko, wala haiufikishi kwenye duka la kijijini. Matokeo ya Gurúè hayawezi kuhamishwa moja kwa moja kwa mtu anayetakiwa kununua mifuko kumi kabla hajauza hata debe moja. Panya hawafundishiki, nao hutoboa plastiki. Dumuzi mwenyewe ana uwezo wa kuchimba matundu kwenye mfuko wa ndani, jambo linalofanya tabaka la pili lisiwe la anasa. Mkulima ambaye hakuambiwa haya, akiona tundu la kwanza, atahisi amedanganywa na kila alichokitazama.

Namna ya kuonyesha nayo ina uzito wake. Katuni ya dakika tatu inatumwa kwa simu hadi simu, na hilo ni faida kubwa, lakini kikundi kinapotazama pamoja huibuka maswali ambayo video haikuyatabiri. Ofisa ugani mwenye busara huisimamisha baada ya kila ujumbe na kumwita mtu mmoja mbele, mara nyingi mama anayeshika funguo za ghala, afanye kwa mikono yake huku wengine wakimkosoa. Chupa inatikiswa hapo hapo kwa mahindi ya mwenyeji. Mfuko unafungwa hapo hapo. Mara nyingi hugundulika kwamba mahindi yaliyodhaniwa makavu yameinatisha chumvi ukuta mzima, na ubishi unaofuata hufundisha zaidi kuliko dakika zote zilizotangulia.

Wakati wa kuonyesha uendane na kalenda ya shamba. Katikati ya Tanzania, ambako mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai, video iliyoonyeshwa Oktoba imechelewa, na ya Februari itasahaulika. Wiki chache kabla ya mavuno, watu wakiwa wanatafuta magunia, ndipo sikio liko tayari. Onyesho la pili lifuate miezi mitatu au minne baadaye, kwa sehemu ambayo watengenezaji wengi huiacha: siku ya kufungua. Hapo mkulima anapaswa kuona jinsi ya kutoa kiasi anachohitaji haraka na kufunga tena tabaka moja moja, jinsi ya kunusa na kuangalia kama pana ukungu, na jinsi ya kuukung'uta mfuko mtupu, kuupima tena kwa hewa na kuuning'iniza mbali na panya kwa ajili ya msimu ujao. Mfuko wa ndani ukipatikana na tundu, hutupwa na kununuliwa mwingine wa kujaza nafasi yake, na wa pili ulio mzima huendelea kutumika.